Kosa Lililopandwa: Jinsi ya Kutunga Hesabu za Kukosoa kutoka katika Daftari la Mwanafunzi

Euklidi, yule mwanahisabati wa Iskandaria aliyeishi yapata miaka 300 kabla ya Kristo, anajulikana sana kwa kitabu chake cha misingi ya jometri. Ni wachache wanaojua kwamba alitunga pia kitabu kingine ambacho kilijaa hoja za uongo. Habari hizo tumezipata kwa Proklo, mwanafalsafa wa Kiyunani wa karne ya 5 baada ya Kristo. Yeye anaeleza kwamba Euklidi alikusudia kuwazoeza wanaoanza kujifunza jometri kuzitambua hoja zinazofanana na kweli lakini si kweli. Kitabu hicho kimepotea, wala hakuna nakala iliyopata kuonekana. Ila kusudi lake halikupotea pamoja nacho, na walimu wa hesabu wa zama nyingi wamelifuata, kila mmoja kwa namna yake.

Zoezi lenyewe ni hili. Mwanafunzi hupewa hesabu iliyokwisha kufanywa, hatua kwa hatua, tangu swali hadi jibu. Ndani yake limepandwa kosa kwa makusudi. Kazi yake ni kulitafuta, kueleza kwa maneno ni kanuni gani iliyovunjwa, kisha kuifanya hesabu hiyo upya kwa usahihi. Katika makala haya nitashughulika na jambo moja tu la zoezi hilo: namna ya kulitunga kutoka katika mada zilizomo kwenye daftari la mwanafunzi mwenyewe.

Kwa nini daftari? Kwa sababu katika shule zetu nyingi daftari ndilo kitabu. Vitabu vya kiada aghalabu hugawanywa kwa kundi, na jioni mwanafunzi anapokaa kujisomea anacho kile tu alichokinakili ubaoni. Kijana wa kidato cha pili anayejiandaa kwa upimaji wa kitaifa hufungua daftari lake na kusoma hesabu za mfano alizoandikiwa na mwalimu. Zote ni sahihi. Jicho linateleza kutoka mstari hadi mstari bila kugonga mahali popote, naye hufunga daftari akiamini kwamba ameelewa. Siku ya mtihani ndipo hugundua kwamba alichokuwa nacho ni mazoea ya kuona, wala si ujuzi wa kutenda.

Kabla ya kuingia katika utungaji, yafaa tukubaliane ni kosa gani linalostahili kupandwa. Mtu akiandika 7 × 8 = 54, hilo ni kosa la kalamu au la usahaulifu. Kulitafuta ni sawa na kutafuta sindano majanini: kunachosha macho, wala hakuifundishi akili neno. Kosa linalofaa ni lile lenye sababu. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, Brown na Burton, walieleza jinsi makosa ya watoto katika kutoa yanavyofuata utaratibu maalumu. Mtoto anayeandika 52 − 17 = 45 hakubahatisha. Katika kila safu ameondoa tarakimu ndogo kutoka ile kubwa: 1 kutoka 5, na 2 kutoka 7. Mpe 83 − 29 naye ataandika 66 kwa uaminifu ule ule. Ana kanuni yake, na anaifuata kuliko wengi wanavyofuata kanuni ya kweli. Kosa la kupandwa liwe la ukoo huo: liwe na kanuni nyuma yake, tena kanuni ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuiamini.

Sasa tuchukue daftari moja. Ni la mwanafunzi wa kidato cha pili kutoka kata ya Qurus, wilayani Karatu, daftari la kurasa nyingi lililofunikwa kwa gazeti. Mada zake ni zile zinazojulikana na kila mwalimu: vipeo na vipeuo, aljebra na milinganyo ya kipeo cha pili, logarithi, maumbo yanayofanana, kanuni ya Pithagorasi, mwanzo wa trigonometria. Mtunzi wa makosa hana haja ya kusoma daftari lote. Atafute mistari yenye neno lenye maana ya "ikiwa". Kila kanuni ya hesabu ina sharti lake, na sharti hilo hukaa katika kifungu kidogo ambacho mwanafunzi hukinakili bila kukitazama. Ukiliondoa sharti na kuiacha kanuni iendelee kufanya kazi, umepata kosa ambalo limefanana na kweli kwa kila hali.

Hutokea pia kwamba sharti halimo kabisa. Katika daftari hili imeandikwa kwamba kipeuo cha pili cha a² ni a, na basi. Lakini a ikiwa −5, a² ni 25, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5, wala si −5. Huenda mwalimu alilisema sharti kwa mdomo, huenda lilifutwa ubaoni kabla halijanakiliwa. Vyovyote iwavyo, hapa kosa halikupandwa na mtu. Limejiotea, na mwenye daftari amekuwa akilisoma kila jioni kama neno la kweli. Hiyo ni faida moja ya kutunga kutoka katika daftari ambayo kitabu cha mazoezi kilichochapwa hakiwezi kuitoa: anayetafuta mahali pa kupanda kosa hulazimika kulikagua shamba zima.

Mstari niliouchagua ni huu, katika mada ya milinganyo ya kipeo cha pili: ikiwa ab = 0, basi a = 0 au b = 0. Hiyo ndiyo nguzo ya njia nzima ya kutafuta majibu kwa kugawa mlinganyo katika mabano mawili. Chini yake daftari lina mfano sahihi, x² − x − 6 = 0, ambao umegeuzwa kuwa (x − 3)(x + 2) = 0, na majibu yakawa 3 na −2. Sharti liko wapi? Liko katika ile sifuri. Kanuni haisemi lolote juu ya mazao mengine. Basi mtunzi aache kila kitu kama kilivyo, ila sifuri aibadilishe kuwa 6, na hesabu aifanye kwa utulivu kama mwalimu afanyavyo ubaoni:

(x − 3)(x + 2) = 6
x − 3 = 6 au x + 2 = 6
x = 9 au x = 4

Msomaji atazame jinsi mistari hii mitatu ilivyo safi. Hesabu ndogo zote ni sahihi: 6 na 3 ni 9, na 6 ukitoa 2 ni 4. Hakuna alama iliyopotea. Kosa liko katika kuvuka kutoka mstari wa kwanza kwenda wa pili, na daraja lililotumika ni kanuni ya daftari iliyopelekwa mahali isipohusika. Zao la namba mbili likiwa 0, moja yao haina budi kuwa 0. Lakini zao likiwa 6, namba hizo zaweza kuwa 2 na 3, au 1 na 6, au 12 na nusu, au −4 na −1.5, hakuna inayolazimika kuwa 6.

Jinsi ya kulitambua? Njia ya kwanza ambayo kila mwanafunzi ameambiwa ni kurudisha jibu katika swali. Hapa ndipo mfano huu unapokuwa na ladha. Tujaribu 4: mabano ya kwanza ni 1, ya pili ni 6, na zao ni 6. Jibu limekubali! Mwanafunzi mvivu wa nusu huishia hapo, akaandika kwamba hesabu haina kosa. Aliye makini hujaribu na 9: mabano ya kwanza ni 6, ya pili ni 11, zao ni 66. Limekataa. Niliwahi kuwaona vijana wawili waliokaa dawati moja wakigombana juu ya hesabu hii, kila mmoja ana uthibitisho wake mkononi, mmoja ameshika 4 na mwenziwe ameshika 9. Ugomvi wa namna hiyo una thamani kuliko maelezo ya robo saa, maana mwishowe hawakuwa na njia ila kurudi kwenye mstari wa pili na kuulizana umetoka wapi.

Hesabu sahihi ni kufungua mabano kwanza, ili sifuri ipatikane:

x² − x − 6 = 6
x² − x − 12 = 0
(x − 4)(x + 3) = 0
x = 4 au x = −3

Na −3 inakubali: −6 mara −1 ni 6. Kwa hiyo njia ya uongo ilipata jibu moja la kweli, ikaongeza moja la uongo, na ikalipoteza moja la kweli. Hili la mwisho ndilo baya zaidi. Kurudisha majibu katika swali kungeweza kuifichua 9, lakini kusingeweza kumwambia mwanafunzi kwamba −3 imeachwa nje.

Tukishafika hapa twaweza kupanda mbegu ngumu zaidi katika shamba lile lile. Mwanafunzi apewe hii:

(x + 2)(5 − x) = 6
x + 2 = 6 au 5 − x = 6
x = 4 au x = −1

Ajaribu 4: mabano ni 6 na 1, zao 6. Ajaribu −1: mabano ni 1 na 6, zao 6. Majibu yote mawili ni ya kweli, na hakuna jingine, maana mlinganyo wa kipeo cha pili hauwezi kuwa na majibu zaidi ya mawili. Je, tuseme hesabu ni sahihi? La. Mstari wa pili umetoka mahali pale pale pasipo na daraja. Hesabu imefika nyumbani kwa kupitia njia isiyokuwapo.

Mwanafunzi aliyezoea kutazama jibu tu atakwama hapa kabisa, naye atauliza kwa haki: ikiwa jibu ni la kweli, kosa linadhuru nini? Asijibiwe kwa maneno. Aambiwe abadilishe namba moja, aweke 10 mahali pa 6, kisha aifuate njia ile ile. Atapata x = 8 au x = −5. Akizirudisha katika swali, 8 inatoa 10 mara −3, na −5 inatoa −3 mara 10, yaani −30 kote kuwili. Njia imeanguka. Majibu ya kweli ya swali hilo jipya ni 0 na 3, kama msomaji anavyoweza kuhakikisha kwa kichwa. Kanuni ya kweli haiogopi kubadilishiwa namba. Iliyofaulu kwa bahati huanguka mara ya kwanza au ya pili.

Na bahati hiyo ina sababu, ambayo mwanafunzi hodari aachiwe aitafute mwenyewe. Jumlisha mabano mawili ya mwanzo: x + 2 na 5 − x hutoa 7 daima, x iwe namba yoyote. Basi bano moja likiwa 6, la pili halina budi kuwa 1, na 6 mara 1 ni 6. Mtunzi alichagua namba ambazo jumla ya mabano inazidi zao kwa 1. Kwa siri hiyo mwalimu anaweza kutunga mifano kadiri apendavyo, wala hana haja ya kutafuta kitabu. Anayependa kuona mengi ya aina hii ajue kwamba mwaka 1959 mwanahisabati E. A. Maxwell alichapisha kitabu kizima juu ya makosa katika hisabati, na ndani yake zimo hesabu zilizofika kwenye jibu la kweli kwa njia ya uongo.

Si kila kosa lililopandwa hufichuliwa kwa kurudisha jibu katika swali, kwa sababu si kila hesabu ni mlinganyo. Katika mada ya maumbo yanayofanana daftari letu linasema kwamba uwiano wa urefu ukiwa k, uwiano wa maeneo ni k². Wakazi wa Qurus ni majirani wa Ngorongoro, kwa hiyo tuitumie kreta yenyewe. Mwanafunzi ana ramani ya skeli ya 1:250,000. Ameweka karatasi nyepesi juu yake, amechora ukingo wa sakafu ya kreta, na kwa kuhesabu miraba ya sentimita moja moja amepata sentimita za mraba 42. Hesabu iliyopandwa kosa inaendelea hivi:

Sentimita 1 ya ramani = kilomita 2.5 za ardhi
Eneo = 42 × 2.5 = kilomita za mraba 105

Hakuna mlinganyo wa kurudishia jibu. Hapa mkosoaji atumie makadirio. Kreta ya Ngorongoro inakaribia umbo la duara, na upana wake ni kati ya kilomita 16 na 19 hivi. Ramani ile ile inatosha kuonyesha hayo kwa rula. Duara lenye upana wa kilomita 16 lina nusu kipenyo cha kilomita 8, na eneo lake ni 3.14 × 8 × 8, yaani kama kilomita za mraba 200. Duara la upana wa kilomita 19 linakaribia 283. Jibu la kweli halina budi kuwa katikati ya hizo mbili, nalo 105 halifikii hata mlango. Sasa mkosoaji anajua kwamba kosa lipo, bado hajajua liko wapi. Achore mraba mmoja wa ramani, sentimita 1 kwa sentimita 1, aandike kilomita 2.5 katika kila upande, naye ataona kwamba eneo lake ni 2.5 × 2.5, yaani kilomita za mraba 6.25. Kwa hiyo 42 × 6.25 ni 262.5, na kiasi kinachotajwa kwa kawaida katika vitabu vya jiografia ni kama kilomita za mraba 260.

Nimeuleta mfano huu kwa sababu unaonyesha kazi mbili ambazo wanafunzi huzichanganya: kujua kwamba kuna kosa, na kujua mahali lilipo. Makadirio hufanya ile ya kwanza haraka sana, na ya pili hayaifanyi kabisa. Ya pili hufanywa kwa kuuliza swali moja katika kila mstari: ni kanuni gani ya daftari iliyonivusha kutoka mstari wa juu? Mwanafunzi aiandike kanuni hiyo pembeni, pamoja na sharti lake. Mstari ambao hapati kanuni ya kuuandikia, au ambao kanuni yake ina sharti lisilotimia, ndio wenye kosa.

Kuna makosa mengine ambayo asili yake si hesabu bali lugha, nayo katika sekondari zetu hayakwepeki. Mtoto wa Qurus huzungumza Kiiraqw nyumbani, alisoma hesabu za shule ya msingi kwa Kiswahili, na daftari la sekondari ameliandika kwa Kiingereza. Kupunguza bei kwa robo na kupunguza bei hadi robo ni mambo mawili yaliyo mbali sana, lakini katika lugha ya tatu tofauti yake imekaa katika kineno kimoja kifupi. Bei ya shilingi 8,000 ikipunguzwa kwa robo ni 6,000. Ikipunguzwa hadi robo ni 2,000. Makosa ya namna hii yafaa kupandwa, ila yapandwe peke yake, katika zoezi lake maalumu. Ukiyachanganya na makosa ya kanuni, mwanafunzi akishindwa hutajua kilichomshinda ni kipi.

Nifike sasa kwenye mipaka ya zoezi lenyewe, maana wapo wanaolisifu kana kwamba linamfaa kila mtu. Mwaka 2007 Große na Renkl, watafiti wa Ujerumani, walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya watu waliojifunza hesabu za uwezekano kwa mifano iliyofanywa, baadhi sahihi na baadhi yenye makosa. Waliokuwa na msingi mzuri walifaidika kwa kuchanganyiwa mifano ya aina zote mbili. Waliokuwa na msingi dhaifu hawakufaidika hivyo. Kwao mifano sahihi peke yake ilikuwa bora. Kosa lilipoonyeshwa waziwazi mahali lilipo, ndipo wale dhaifu waliposaidika.

Matokeo hayo yanakubaliana na busara ya kawaida. Asiyejua kanuni hawezi kuona kwamba imevunjwa. Kwake mstari wa uongo ni mstari mpya wa kujifunza. Kwa hiyo mada iliyoingia daftarini jana isipandwe kosa leo. Ipewe kwanza mifano sahihi, mwanafunzi afanye yake kadhaa na kuyapata. Kisha kwa aliye dhaifu mwalimu apige mstari chini ya hatua yenye kosa na kumwuliza jambo moja tu: kwa nini si kweli? Swali la "wapi" limsubiri hadi ajibu "kwa nini" bila kusitasita.

Hatari ya pili ni ya karatasi yenyewe. Hesabu ya uongo iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri katika daftari ambalo ndilo kitabu cha pekee itakuja kusomwa miezi mitatu baadaye na mtu aliyesahau kwamba ilikuwa zoezi. Naona ni lazima kabisa hesabu za kukosoa ziandikwe katika karatasi nyingine, au katika kurasa za nyuma za daftari, kila moja ikiwa na alama yake ya msalaba juu. Ubaoni zifutwe kabla ya kipindi kwisha. Wala zoezi lisihesabiwe kuwa limekwisha mpaka hesabu sahihi imeandikwa ubavuni kwa mkono wa mwanafunzi mwenyewe.

Ya tatu huonekana kidogo lakini huharibu sana. Ikiwa kila hesabu unayotoa ina kosa, mwanafunzi hujifunza kulitafuta hata mahali ambapo halipo, na hatimaye hutilia shaka hatua zilizo sahihi. Basi kati ya kila hesabu tatu au nne, moja au mbili ziwe sahihi kabisa, tena zifanywe kwa njia isiyozoeleka ili zivute macho. Anayetia alama ampe mwanafunzi haki yake kwa kuitambua hesabu sahihi kama anavyompa kwa kuliona kosa, na amtoze kwa kuishtaki hatua isiyo na hatia.

Kuhusu mwanafunzi anayejitungia mwenyewe, ugumu ni kwamba aliyepanda anajua alipopanda. Dawa yake ni kubadilishana. Wawili waliosoma mada ile ile watunge kila mmoja hesabu tatu kutoka katika daftari lake, kisha wapeane bila kuambiana ngapi zina kosa. Kutunga ni kazi ngumu kuliko kukosoa, maana lazima ujue kanuni, ujue sharti lake, na ujue mtu wa kawaida angelisahau vipi. Mwenzako akiligundua kosa lako kwa kutupa jicho mara moja, ulipanda kosa la kalamu. Akilikosa kabisa, pengine daftari lake nalo limepungukiwa na sharti lile lile, na ni vema mlitazame pamoja.

Zifuatazo ni hesabu tatu za daftari lile la Qurus, zilizotungwa kwa taratibu nilizozieleza. Msomaji hataambiwa ni ngapi zina kosa.

Ya kwanza. Basi lilisafiri kutoka Karatu hadi Arusha, yapata kilomita 140, kwa saa 2 na dakika 30. Tafuta mwendo wake wa wastani.

Mwendo = 140 ÷ 2.30
= kilomita 60.9 kwa saa

Ya pili. Tafuta x ikiwa √(x + 6) = x.

x + 6 = x²
x² − x − 6 = 0
(x − 3)(x + 2) = 0
x = 3 au x = −2

Ya tatu. Gawanya 8/15 kwa 2/3.

8 ÷ 2 = 4
15 ÷ 3 = 5
Jibu ni 4/5